Fyuzi ya Polepole

Watu hudhani wivu unaishi chumbani peke yake. Wa Mama Waya ulimkuta karakanani, mchana kweupe, bisibisi mkononi, na ulianzia kwenye sanduku la bati.

Lilikuwa sanduku zuri, tuseme ukweli. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bati, alilikunja kwa mkono wake mwenyewe. Akazizungusha kona zote zikawa laini, akalipiga msasa, akalipaka rangi ya kijivu mara mbili, na mlangoni akauweka ukanda wa mpira ili mvuke usipenye. Akawa analitazama kwa mbali, kichwa kimeinama upande, macho yamelegea. Mama Waya hakukumbuka kutazamwa namna hiyo tangu mtoto wao wa kwanza anyonye. Na sanduku lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Mtaalamu.

Tangu waoane Mama Waya alikuwa akiomba sanduku la vifaa. Koleo zake, testa zake na skrubu zake bado zilikuwa zinalala kwenye ndoo iliyokatika mkono. Miaka yote hiyo alijifariji kwamba kinyozi hajinyoi. Kumbe kinyozi alikuwa anasubiri kichwa cha kukipenda.

Kazi yao ilikuwa makabati: ya kukaushia, ya kutunzia joto, ya kuumulia unga wa mikate. Mume alikata na kukunja bati, mke akaingiza umeme. Zamani kabati lilikuwa na kitufe cha kuzungusha, mwenye nalo akazungusha, akakisia, akaomba Mungu. Siku hizi wateja wanataka kabati linalojua lenyewe lina joto kiasi gani, linajiwasha na kujizima. Hapo ndipo alipoletwa Mtaalamu, dada mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, anayetengeneza vibodi vya kuongozea vyombo kama hivyo. Alipewa meza ya dirishani. Alipewa na kiti chenye mgongo, na kiti hicho Mama Waya alikuwa akikijua tangu kikiwa chake.

Basi ikawa kutwa kucha ni Mtaalamu. Mtaalamu kasema bati liwe nene. Mtaalamu hapendi waya zining'inie. Mpaka nyumbani, watu wanakula, Fundi Bati anatafuna huku anahubiri.

"Mtaalamu kasema umeme mkubwa na umeme mdogo wasilale chumba kimoja."

Mama Waya akaweka kijiko chini. "Na wewe baba watoto, umeambiwa ulale chumba gani?"

Mume akacheka mpaka akapaliwa. Yule mwanamume alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe hakuwahi kuutafutia jina: hamsifu mtu akiwa mbele yake. Mteja akiwa dukani anamjibu kwa kuguna, akishaondoka ndipo anamwaga sifa zake zote. Mama Waya aliujua ugonjwa huo kwa wateja. Hakuwahi kuupigia hesabu upande wake.

Kesho yake alienda mwenyewe kwenye meza ya dirishani akalichungulia lile sanduku, kwa nia mbaya. Alitaka kasoro. Ndani alikuta ukuta wa plastiki ngumu umeligawa pande mbili. Kulia kulikuwa na umeme mkubwa, ule wa soketi: fyuzi mbili, kontakta, ile swichi ya sumaku ya kuwashia kipasha joto, na vituo vya waya vilivyofunikwa ili kidole kisipite. Kushoto kulikuwa na kibodi na waya zake nyembamba za volti tano, pamoja na ule wa kipima joto.

"Sasa huku kushoto kunaiwashaje kontakta ya kulia, kama vimetengwa?" aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"Kwa mwanga, dada," Mtaalamu akasema bila kuinua macho. "Kuna kidude hapa katikati, upande huu kinawaka kitaa, upande ule kinakiona. Wanaelewana bila kugusana. Ikitokea hitilafu kule, haivuki kuja kwenye bodi wala kwa mtu anayebonyeza vitufe."

Wanaelewana bila kugusana. Mama Waya alilitafuna neno hilo mchana kutwa, na kila alipolitafuna lilizidi kuwa chungu. Kwani mumewe na huyu walikuwa wanafanya nini pale dirishani, kama si kuelewana bila kugusana?

"Na hizi fyuzi mbili?"

"Hii ya haraka ni ya kipasha joto. Hii nyingine ni ya polepole, ya feni. Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mara moja, kisha inatulia. Ukiweka ya haraka, itakufa bure kila ukiwasha. Ya polepole inavumilia kidogo, lakini hatari ikiwa ya kweli, inakata." Hapo ndipo Mtaalamu alipoinua macho, akauliza kwa upole kabisa, "Dada, upande wa kabati, waya zako umezipangaje? Swichi na fyuzi vimekaa kwenye waya wa moto, siyo kwenye nyutro?"

Ndugu msomaji, mwulize mpishi kama amenawa mikono, mbele ya wageni. Fundi Bati alikuwa amesimama pale pale, mkasi wa bati begani. Ni kweli, fyuzi ikikaa kwenye nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, itakata, chombo kizime, watu waseme salama, kumbe umeme bado umejaa ndani unamngoja mtu. Lakini hilo Mama Waya alilijua kabla huyu hajavaa miwani.

"Vimekaa vinapokaa siku zote," alisema, akaondoka.

Alasiri ile ndiyo aliyofunga waya za kabati la mwoka mikate. Lilibaki bati la nyuma tu, lile linaloficha waya wa moto unaotoka kwenye kontakta kwenda kwa kipasha joto. Skrubu fupi za bati hilo zilikuwa kwenye kopo, na kopo lilikuwa juu ya meza ya dirishani. Huko dirishani Mtaalamu alikuwa amesema jambo, Fundi Bati akacheka kile kicheko chake cha kupaliwa. Kicheko cha mezani kwao! Mama Waya akasema moyoni kwamba afadhali afe kuliko kwenda kuomba kopo. Akaiinamia ndoo yake, akatoa skrubu ndefu, akazikaza moja baada ya nyingine kwa nguvu ambazo bati halikuwa na kosa la kustahili. Mpira wa kuvisha ukingo wa tundu, na ile soksi ya plastiki ya kuvisha waya, navyo vilikuwa mezani kule. Na mita nzuri, ambayo siku zote aliitumia kuhakikisha waya haugusani na bati, ilikuwa shingoni mwa Mtaalamu. Akapitisha waya hivyo hivyo. Hakupima. Kwa fundi mwenye jina lake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kujaribu, mwoka mikate alikuja mwenyewe, mwanamke mnene mwenye unga kwenye nyusi, akasimama juu ya mkeka wa mpira uliokuwa mlangoni. Kabati lilikuwa limesimama kwenye vigogo vikavu vya mbao, linang'aa. Sanduku la kijivu lilikuwa limetundikwa ukutani, mbali na mvuke, na kebo ilitoka humo kwenda kwenye kabati ikiwa na waya wa moto, nyutro, na waya wa ardhi wa kijani na njano uliokazwa kwa nati kwenye ubavu wa kabati. Fundi Bati akabonyeza swichi kubwa ya ukutani. Namba zikawaka, feni ikaanza kuvuma. Kisha kontakta ikalia *tak*, kuliita joto, na kitaa cha kipasha joto kikazimika pale pale. Fyuzi ya haraka imekatika.

Wakabadilisha. *Tak.* Ikakatika tena.

Mama Waya alifurahi, na sitamficha. Alifurahi mpaka masikio yakamwasha moto. "Sanduku zuri," alisema, kwa sauti ya kumwambia mwoka mikate. "Tatizo halitaki kazi."

"Fyuzi haikati bure, dada," alisema Mtaalamu. "Inakatika pale tu joto linapoitwa. Kwa hiyo kosa liko baada ya kontakta. Tufungue bati la nyuma tuangalie."

"Baada ya kontakta ni kwangu. Waya zangu ziache. Kabla hujaja hapa fyuzi zilikuwa hazikatiki."

Fundi Bati alikuna kisogo. Mtaalamu akavua miwani, akaifuta. "Basi naenda kwangu hapo ng'ambo kuleta mita ya kupimia uvujaji. Ile haimwonei mtu. Fyuzi iliyobaki ni moja. Tafadhali msiiweke mpaka nirudi." Akatoka. Nje mvua ilikuwa imeanza.

Sasa mwoka mikate akaanza kutazama saa ya ukutani na kuvuta midomo. Fundi Bati hawezi kuvumilia mteja anayevuta midomo. "Kuna jirani yangu," alisema, "kabati lake lilikuwa linafanya hivi hivi. Alitoa huu waya wa kijani tu, likapona." Akachukua spana, akaanza kuilegeza nati ya ubavuni.

Mama Waya alijua. Waya wa ardhi hauondolewi kwa sababu unasumbua, kama mlinzi asivyofukuzwa kwa sababu anapiga kelele. Ulikuwepo ili umeme ukilishika bati upate njia ya kukimbilia, na fyuzi ikatike mara moja. Alifungua mdomo aseme. Kisha akafikiri: fyuzi itakatika tu, na hiyo ndiyo ya mwisho, na Mtaalamu akirudi atakuta sanduku lake limemaliza fyuzi zote mbele ya mteja. Akafunga mdomo. Akakunja na mikono.

Fundi Bati aliutoa waya, akaweka fyuzi, akawasha. *Tak.*

Haikukatika. Kitaa kikabaki kinawaka. Baada ya muda mfupi hewa ya vuguvugu ikaanza kutoka kwenye matundu ya kabati, na mwoka mikate akapiga makofi. "Eeh! Kumbe mnaweza!"

"Si nilisema?" Fundi Bati alijipiga kifua.

Wa tatu wao alibaki amesimama. Furaha ilimtoka Mama Waya ikabaki baridi, kwa maana yeye ndiye pekee pale aliyeweza kulisoma jambo lile. Kama kuondoa ardhi kumeponya, basi umeme ulikuwa unakimbilia kwenye bati. Kama ulikuwa unakimbilia kwenye bati, sasa umenyimwa njia, umetulia juu ya kabati zima, kila ubavu, kila mkono wa mlango. Na ulikuwa unatoka wapi? Baada ya kontakta. Kwenye waya mmoja tu. Nyuma ya bati moja tu. Aliiona akilini ile skrubu ndefu, ncha yake imetoboa ngozi ya waya wa moto ikauuma shaba. Sanduku la kijivu halikuwa na kosa. Fyuzi ilikuwa inasema ukweli tangu asubuhi, na ilikuwa inamsema yeye.

Fundi Bati alikuwa na viatu vya mpira na ameshakaa chini. Mwoka mikate alikuwa juu ya mkeka, mbali. Nafasi ya kusema polepole, kwa heshima, ilikuwepo bado. Ila kusema ilikuwa ni kusema hivi: ni mimi. Mbele ya mteja, mbele ya mume, ili yule wa dirishani aonekane msafi.

Mlango ukafunguliwa. Mtaalamu aliingia amelowa, nywele zinachuruzika, sandali za ngozi zimejaa maji zinalia *chwi chwi* kwenye sakafu ya saruji. Mita iko kwapani. Akaona kitaa kinawaka, uso wote ukafunguka.

"Limekubali?" akasema, akaliendea kabati moja kwa moja, kiganja wazi, ahisi lile joto ubavuni kama mtu anayempima mtoto homa.

Hapa hadithi inabidi isimame, kwa sababu Mama Waya naye alisimama. Si sana. Nusu ya pumzi. Alikuwa karibu na swichi ya ukutani kuliko mtu yeyote, mkono ungeifikia bila hata kunyooka. Na katika ile nusu ya pumzi aliona kiti chenye mgongo, na kona laini za sanduku, na kicheko cha kupaliwa. Akaona meza ya dirishani haina mtu.

Kisha akaipiga swichi kwa kofi lililoivunja kucha.

Namba zikazimika. Feni ikafa. Kiganja cha Mtaalamu kilitua kwenye bati, bati vuguvugu tu, wala lisimfanye kitu.

"Mama watoto, nini tena?" Fundi Bati akaruka.

"Msiguse kitu." Akachomoa plagi kwenye soketi, akaishika mwenyewe mkononi ili asije mjuaji akairudisha. Akaiomba ile mita nzuri ya Mtaalamu, ambayo siku ile hakutaka kuiomba, akaijaribu kwanza kwenye soketi nyingine yenye umeme ajue ni nzima, ndipo akapima kabati: hamna. Akazifungua skrubu zake ndefu moja moja. Ya tatu ilitoka na nyuzi ndogo za shaba zimeng'ang'ania nchani.

Aliiweka juu ya kabati, mbele ya wote.

"Hii ni yangu," alisema. "Nilitumia ndefu, fupi zilikuwa kwenye kopo. Sikuvika waya soksi. Sikupima. Sanduku halina kosa hata moja." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba watoto, ukija kuugusa tena waya wa kijani, nitakukata huo mkono kwa mkasi wako mwenyewe. Ulikuwa umeligeuza kabati zima kuwa waya wa moto. Na mimi nilikuona ukiutoa, nikanyamaza."

Fundi Bati alikaa chini tena, polepole. Mwoka mikate alilitazama kabati, akajitazama mikono. "Kwa hiyo ningeoka nini," aliuliza, "mikate, au mimi?"

Hakuna aliyecheka ila yeye, na yeye kidogo.

Wakalitengeneza wote wawili, mwanamke huyu na yule, bila maneno mengi. Waya uliojeruhiwa hawakuubandika utepe, waliuvuta wote wakaweka mzima. Tundu likavalishwa mpira, waya ukavishwa soksi, bati likarudi kwa skrubu fupi kutoka kwenye lile kopo. Waya wa ardhi ukarudi kwenye nati yake na kukazwa mpaka Mama Waya alipouvuta kwa nguvu zote usicheze. Wakapima uvujaji kati ya waya na bati: haupo. Mtaalamu akaagiza na ile swichi ya ukutani inayokata yenyewe umeme unapovuja, aliyokuwa ameiomba tangu aje, na safari hii hakuna aliyesema ni anasa. Kisha Mama Waya akawasha. *Tak.* Fyuzi ikakaa.

Fundi Bati alimsindikiza mwoka mikate nje chini ya mwavuli. Walisikika wakienda, naye anaongea mfululizo.

"Unajua anasema nini sasa hivi?" Mtaalamu aliuliza, anakamua sandali. "Anakusifu."

"Mimi? Huyo? Huyo anakusifu wewe. Nyumbani hatuli tukashiba kwa jina lako."

Mtaalamu akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi hajawahi kuniambia hata ahsante. Hapa kutwa ni wewe tu. Mke wangu hakubali waya ulegee. Mke wangu ana sikio, anasikia mota mbovu kabla haijaungua. Hizo kona za sanduku unafikiri nilimwomba mimi? Alisema ulijikata kiganja kwenye kona kali zamani, ukashonwa, na kwamba wewe ndiye utakayekuwa unaingiza mkono kwenye masanduku kama hilo kila siku."

Mama Waya akakitazama kiganja chake. Kovu lilikuwepo, jembamba, hata yeye alikuwa amelisahau. Alitamani kucheka, akatamani na kulia, akaishia kuokota skrubu zake ndefu na kuzirudisha kwenye ndoo, huku anamlaani kimoyomoyo mwanamume asiyeweza kumwambia mtu neno zuri akiwa hapo hapo amesimama.

Mtaalamu alivaa miwani, akaanza kukunja waya za mita. Alizikunja taratibu mpaka zikaisha.

"Dada," alisema, sauti ya chini. "Nilikuona."

Mama Waya akaendelea kupanga skrubu ndooni.

"Nilipoingia. Macho yako yalikuwa yameshajua. Mkono wako ulikuwa pale kwenye swichi."

Nje, Fundi Bati bado alikuwa anaongea mvuani. Mama Waya alitafuta uongo wowote, hata mdogo, akauona hautoshi.

"Nusu ya pumzi," alisema hatimaye. "Sikuweza chini ya hapo."

Mtaalamu akasogeza kile kiti chenye mgongo kwa mguu mpaka kikafika mbele ya Mama Waya, mwenye nacho, na yeye akakaa juu ya kopo la rangi.

"Fyuzi ya polepole," akasema. "Lakini umekata."